Tembo Wawili, Dinosauri Watatu: Pearson au Spearman?

Ndani ya programu ya takwimu ya R, kwenye kifurushi cha `MASS`, kuna jedwali dogo linaloitwa `Animals`. Lina mistari 28, kila mstari ni mnyama mmoja, na safu mbili tu: uzito wa mwili kwa kilo na uzito wa ubongo kwa gramu. Panya wa nyumbani yumo, mwili gramu 23 na ubongo gramu 0.4. Tembo wa Afrika yumo, kilo 6,654 na ubongo wa gramu 5,712. Binadamu, twiga, mbuzi na fuko wamo, na wamo pia dinosauri watatu. Hata makosa ya uandishi yamehifadhiwa humo kama urithi: dinosauri mmoja ameandikwa `Dipliodocus`, na walimu wa takwimu wameendelea kumtumia hivyohivyo.

Swali ni jepesi: je, mwili mkubwa huenda na ubongo mkubwa? Kompyuta inatoa majibu matatu.

```r
library(MASS)
x <- Animals$body
y <- Animals$brain
cor(x, y)                        # -0.005
cor(x, y, method = "spearman")   #  0.716
cor(log(x), log(y))              #  0.779
```

La kwanza, kipimo cha Pearson, linasema hakuna uhusiano wowote. La pili, kipimo cha Spearman, linasema uhusiano upo na ni wa nguvu. La tatu ni Pearson yuleyule, ila namba zimegeuzwa kuwa logi kwanza, na ghafla naye anauona uhusiano ambao sekunde moja iliyopita aliukana.

Wengi tuliosoma takwimu tulikaririshwa dawa moja: data zikipinda au zikiwa na nukta zilizojitenga, achana na Pearson, tumia Spearman. Dawa hiyo si ya uongo. Lakini inaunganisha magonjwa mawili tofauti, kupinda na kujitenga, kana kwamba ni kimoja, na mtu anayeimeza bila kutazama data anaweza kupotea akiwa na kila mmoja wa hao wawili. Jedwali hili la wanyama linalionyesha jambo hilo vizuri kuliko mfano mwingine ninaoujua, kwa sababu limebeba magonjwa yote mawili kwa pamoja na unaweza kuyatenganisha kwa mkono wako.

Tuanze na jinsi Pearson alivyofika kwenye sifuri. Kipimo chake, ambacho Karl Pearson alikiweka katika sura tunayoitumia mwaka 1896, huchukua kila mnyama na kuuliza: uko mbali kiasi gani na wastani wa miili, na uko mbali kiasi gani na wastani wa akili? Samahani, wa ubongo. Akili ni habari nyingine. Umbali hizo mbili huzidishwa, mazao yote yakajumlishwa, kisha jumla ikagawanywa kwa ukubwa wa mtawanyiko wa pande zote mbili ili jibu libaki kati ya -1 na 1. Hakuna ubaya hapo. Ila ukubwa wa mtawanyiko hupimwa kwa umbali uliopandishwa kipeo cha pili, na hapo ndipo mnyama mmoja anapoweza kuwameza wenzake.

Mnyama huyo ni brakiosauri. Jedwali linampa kilo 87,000. Wastani wa miili yote 28 ni kilo 4,278, kwa hiyo yeye yuko zaidi ya kilo 82,000 mbali nao. Pandisha kipeo cha pili, linganisha na jumla ya wote, na utakuta kwamba asilimia 93 ya mtawanyiko wote wa uzito wa mwili inatoka kwake peke yake. Wanyama 27 waliobaki wanagawana asilimia saba. Na kwa kuwa ubongo wake ni gramu 154.5 tu, yaani chini ya wastani, yeye anavuta kamba kushuka kwa nguvu zote wakati tembo wa Afrika, pamoja na kundi la wadogo walio chini ya wastani kwa mwili na kwa ubongo, wanavuta kupanda. Hiyo -0.005 haielezi wanyama 28. Inaeleza mvutano wa kamba kati ya dinosauri mmoja na hao wa upande wa pili, uliokwisha karibu sare.

Hapo ndipo Charles Spearman anapoingia. Mwaka 1904 alipendekeza tuache uzito tubaki na nafasi, kama zile za mtihani wa darasa: wa kwanza, wa pili, mpaka wa 28. Panya wa nyumbani ni wa kwanza kwa wepesi wa mwili na wa kwanza kwa wepesi wa ubongo, tofauti yake sifuri. Fuko ni wa tatu kwa mwili na wa nne kwa ubongo, tofauti moja. Unapandisha kila tofauti kipeo cha pili, unajumlisha, na kwa wanyama hawa jumla inatoka 1,036.5. Ile nusu inatokana na mbuzi na kima mmoja waliofungana kwa ubongo wa gramu 115, wakagawana nafasi ya 12.5 kila mmoja. Kisha:

```
1 - 6 × 1036.5 / (28 × (28² - 1)) = 0.716
```

Fomula hii ya mkato si sahihi kabisa kunapokuwa na waliofungana, lakini kwa jozi moja tu kosa linajificha baada ya nafasi ya nne ya desimali. Ukiwa na data za madodoso ambamo nusu ya watu wamejibu "nakubali", usiitumie. Piga Pearson wa kawaida juu ya nafasi zenyewe, ndiyo maana halisi ya Spearman.

Nguvu ya njia hii inaonekana ukimgusa brakiosauri. Mifupa yake mashuhuri iliyosimama katika jumba la makumbusho la Berlin ilichimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, kwa mikono ya wachimbaji wa huko waliosimamiwa na Boheti bin Amrani. Siku hizi wataalamu wengi humwita Giraffatitan, na makadirio ya uzito wake yameshuka sana tangu enzi za hizo tani 87: mengi yako kati ya tani ishirini na kitu na arobaini hivi. Basi tumpe tani 30 tuone. Pearson anahama kutoka -0.005 hadi 0.09. Spearman hahami hata chembe. Brakiosauri alikuwa wa 28 akiwa na tani 87, na bado ni wa 28 akiwa na 30, kwa kuwa anayemfuata ana tani 11.7 tu. Kosa la mara tatu katika kipimo cha mnyama mmoja limepita bila kugusa jibu. Kwa mtu anayefanya kazi na data zilizokadiriwa kutokana na mifupa, hiyo si faida ndogo.

Mtetezi wa Spearman angesimama hapa na kupumzika. Mimi ningemwomba atazame ile 1,036.5 kwa karibu. Triseratopsi ni wa 26 kwa mwili na wa 11 kwa ubongo, tofauti 15. Diplodokasi ni wa 27 kwa mwili na wa tisa kwa ubongo, tofauti 18. Brakiosauri, tofauti 13. Pandisha vipeo, jumlisha, unapata 718. Dinosauri watatu kati ya wanyama 28 wamebeba asilimia 69 ya tofauti yote. Ukiwaondoa na kupanga nafasi upya, Spearman anaruka kutoka 0.72 hadi 0.93.

Kwa hiyo nafasi hazijawaondoa waliojitenga. Zimewawekea dari. Mnyama hawezi kukosea zaidi ya nafasi 27, hata awe mzito kama meli. Lakini aliyejitenga kwa mwelekeo, yaani mwenye mwili wa juu kabisa na ubongo wa katikati, bado anatozwa faini nzito, na watatu wa namna hiyo wanatosha kuleta hasara inayoonekana. Hata ukilinganisha na yule Pearson wa logi, Spearman ndiye aliyeshuka chini zaidi: 0.72 dhidi ya 0.78. Anayesema kwamba Spearman "haathiriwi na nukta zilizojitenga" anachanganya aliyejitenga kwa ukubwa na aliyejitenga kwa kwenda kinyume na wenzake. Wa kwanza Spearman anammudu bila jasho. Wa pili anampunguza makali tu.

Sasa, dinosauri waondolewe? Ndiyo, naona hivyo, lakini sababu isiwe kwamba wanaharibu namba. Sababu ni kwamba wote 25 waliobaki ni mamalia, na uhusiano wa mwili na ubongo wa mamalia si ule wa reptilia. Tukiwachanganya tunapima makundi mawili kwa rula moja. Juu ya hapo, ubongo wao haukupimwa kwenye mizani bali umekadiriwa kutokana na nafasi iliyobaki ndani ya fuvu. Hiyo ni hoja ya biolojia, na ingesimama hata kama kuwaondoa kungeshusha namba badala ya kuipandisha.

Na hapa ndipo penye mtego ambao kwangu ndio kiini cha habari yote. Ondoa dinosauri, kisha piga vipimo vyote viwili juu ya mamalia 25, bila logi:

```r
m <- Animals[-c(6, 16, 26), ]
cor(m$body, m$brain)                        # 0.93
cor(m$body, m$brain, method = "spearman")   # 0.93
```

Wamekubaliana. Kuna ushauri mwingine unaosambaa, kwamba piga vyote viwili, na vikikaribiana ujue data zako ni safi, hazijapinda wala hazina waliojitenga. Kwa ushauri huo tungefunga daftari hapa. Ila chora grafu ya namba hizi na utaona tembo wawili wako peke yao kwenye kona ya juu, na mamalia 23 wamebanana kwenye kona ya chini kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Mnyama anayewafuata tembo kwa uzito ni twiga, kilo 529, chini ya robo ya tembo wa Asia mwenye kilo 2,547.

Waondoe tembo nao uone:

```r
k <- Animals[-c(6, 7, 15, 16, 26), ]
cor(k$body, k$brain)                        # 0.54
cor(k$body, k$brain, method = "spearman")   # 0.91
```

Pearson ameporomoka kutoka 0.93 hadi 0.54. Spearman ameshuka kidogo tu, na anashuka kwa sababu ya kawaida kabisa: tembo wawili walikuwa wa mwisho kwa mwili na wa mwisho kwa ubongo, tofauti yao sifuri, kwa hiyo jumla ya tofauti imebaki ileile na kilichopungua ni idadi ya wanyama tu.

Ile 0.93 ya Spearman ilikuwa ushahidi wa wanyama 25. Ile 0.93 ya Pearson ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mstari uliochorwa kati ya tembo wawili upande mmoja na rundo lisilo na sura upande mwingine. Namba ni ileile, habari ni mbili. Na angalia kwamba tembo hawajakosea chochote: hawaendi kinyume na wenzao, uzito wao si wa kubahatisha, wako pale ambapo ukoo wa mamalia unatarajia wawe. Tumezoea kuwaogopa waliojitenga kwa sababu wanaficha uhusiano uliopo, kama brakiosauri. Hawa wanafanya kinyume chake, wanaupamba. Nimeona ripoti nyingi zikimkagua aliyeshusha namba na kumwacha aliyeipandisha, kwa kuwa hakuna anayelalamikia habari njema.

Kwa nini basi Pearson amewaona wale 23 kama rundo? Sehemu kubwa ni binadamu, mwenye kilo 62 na ubongo wa gramu 1,320: mwondoe naye, Pearson anapanda hadi 0.88. Kinachobaki ni ugonjwa wa pili, kupinda. Pearson anapima jinsi nukta zinavyokaa kwenye mstari ulionyooka. Uhusiano unaopanda bila kurudi nyuma lakini kwa mpindo humpunguzia alama hata kama hauna doa. Chukua bakteria wanaojigawa mara mbili kila saa, kuanzia saa ya 1 hadi ya 10: 2, 4, 8, mpaka 1,024. Hakuna kosa la kipimo, hakuna bahati nasibu, ukijua saa unajua idadi kwa uhakika. Spearman anatoa 1 kamili. Pearson anatoa 0.80. Ile 0.20 iliyokosekana si udhaifu wa uhusiano. Ni adhabu ya kutokuwa mstari.

Wanyama nao wako hivyo. Ubongo hukua pamoja na mwili, lakini kwa kasi inayopungua. Mwili ukiongezeka mara kumi ubongo hauongezeki mara kumi. Uhusiano wa aina hii hunyooka ukichukua logi za pande zote mbili. Kwa mamalia wetu 25, Pearson juu ya logi anatoa 0.96. Ondoa tembo, anabaki na 0.95. Yule aliyeporomoka hadi 0.54 sasa hatikisiki, kwa sababu kwenye mizani ya logi tembo hawako tena nje ya kijiji; wamekaa mwisho wa foleni, hatua ya kawaida mbele ya twiga. Kwa maneno mengine, "kujitenga" kwa tembo hakukuwa sifa ya tembo. Kulikuwa sifa ya rula tuliyoichagua. Dinosauri, kwa upande wao, wanabaki nje ya mstari hata kwenye logi, na hiyo ndiyo njia nyepesi ya kuwatambua waliojitenga kweli: badili mizani uone nani anarudi kundini na nani anabaki nje.

Spearman hahitaji lolote katika haya. Chukua logi, kipeo, kipeuo cha pili, chochote kinachohifadhi mpangilio, nafasi hazibadiliki, na 0.93 inabaki 0.93. Anayemtetea anaweza kusema, kwa haki, kwamba Pearson alihitaji msaada wa mtu anayejua biolojia ili afike mahali ambapo Spearman alifika peke yake. Kama hujui mpindo una umbo gani, au kila mtafiti ana mgeuzo wake anaoupenda, kipimo kisichojali mgeuzo kinaondoa mlango mmoja wa kuchezea matokeo.

Halafu kuna data ambazo logi haiziwezi. Idadi ya vimelea vya malaria kwa mikrolita ya damu ina watu wenye sifuri, na sifuri haina logi. Wapo wanaoongeza moja kwa kila namba ili mambo yaende. Moja hiyo ni uamuzi, na kuongeza 0.1 kungetoa jibu jingine. Vipimo vya maabara vilivyoandikwa "chini ya kiwango kinachoonekana" havina hata namba ya kuchukulia logi, lakini nafasi wanayo: wote wamefungana mkiani. Hapo sina ubishi, ni uwanja wa Spearman, ilimradi waliofungana wasiwe nusu ya sampuli. Na pale ambapo namba zenyewe ni nafasi tangu mwanzo, mathalani madaraja ya ubora wa kahawa au maksi ambazo mwalimu alitoa kwa hisia, kumtumia Pearson ni kujifanya unajua umbali kati ya daraja na daraja wakati hakuna aliyeupima.

Sasa upande wa hasara, ambao watetezi wa nafasi hupenda kuupitia mbio. Mara nyingi wanaosifu Pearson hutaja ufanisi: kama data zina mtawanyo wa kawaida wa pande mbili, mtihani wa Spearman una ufanisi wa takribani asilimia 91 wa ule wa Pearson, yaani mwenye sampuli 100 za Spearman anajua kiasi cha mwenye 91 za Pearson. Nadhani hiyo ni bei ndogo, na si hoja ya kupigania. Hata thamani zenyewe hukaribiana katika hali hiyo; Pearson wa 0.5 huendana na Spearman wa 0.48. Hasara kubwa iko kwingine.

Mtazame kima wa resus na sokwe mtu. Kati ya mamalia 25, kima ni wa tisa kwa mwili na wa 15 kwa ubongo. Sokwe ni wa 14 kwa mwili na wa 20 kwa ubongo. Wote wamewapita wenzao nafasi sita, na kwa Spearman ni ndugu sawa. Lakini ukichora mstari wa logi wa mamalia, kima mwenye kilo 6.8 anatarajiwa kuwa na ubongo wa gramu 36 hivi. Anao 179, karibu mara tano. Sokwe mwenye kilo 52 anatarajiwa kuwa na gramu 168. Anao 440, mara 2.6. Tofauti ya mara tano na mara 2.6 imefutika ndani ya neno "sita", kwa sababu tu ya nani walikuwa wamesimama katikati yao. Nafasi hutegemea majirani. Ongeza wanyama kumi wa uzito wa kati, na sita hiyo itabadilika bila ubongo wa mnyama yeyote kuongezeka hata gramu moja. Vivyo hivyo, kutoka panya hadi hamsta wa dhahabu, anayemzidi mwili zaidi ya mara tano, ni hatua moja. Na kutoka farasi hadi twiga, wanaopishana kilo nane, nako ni hatua moja.

Zaidi ya hapo, Spearman hana mstari wa kukupa. Pearson wa logi amefungamana na mteremko, na mteremko wa mamalia hawa ni 0.75: mwili ukiongezeka mara kumi, ubongo huongezeka takribani mara 5.6. Hiyo ni sentensi ambayo mwanabiolojia anaweza kuibishia, kuilinganisha na ya ndege, kuitafutia sababu. "Nafasi zinakwenda pamoja kwa 0.93" ni sentensi ya kweli isiyopeleka mahali. Ukitaka kukadiria ubongo wa swala mwenye kilo 50 ambaye hayumo kwenye jedwali, Spearman atakuambia tu kwamba atakuwa mahali fulani kati ya wenzake.

Mimi kwa data za namna hii huenda hivi. Nachora grafu kwanza, mara mbili, ya namba zilivyo na ya logi. Kama logi inanyoosha mpindo na ina maana katika somo lenyewe, Pearson wa logi ndiye ninayemwandika, pamoja na mteremko wake, na Spearman naweka pembeni kama mtu wa kumchunga: vikiachana sana hata baada ya kunyoosha, kuna mtu nje ya mstari, namtafuta kwa jina. Kama hakuna mgeuzo ninaoweza kuutetea mbele ya mtu wa fani, Spearman anakaa mbele, na simwombi zaidi ya mpangilio. Pearson juu ya namba mbichi zilizopinda simtumii, isipokuwa pale ambapo kinachotafutwa ni jumla yenyewe, kilo au shilingi, na mkubwa mmoja anastahili kweli kuhesabiwa kuliko wadogo ishirini. Na hakuna hata mmoja wa kuombwa kama uhusiano unapanda kisha unashuka. Hapo wote wawili wanaweza kusema sifuri na wote wakawa wamedanganya.

Turudi kwa brakiosauri wa Tendaguru, kwa kuwa bado ana la kutufundisha. Katika hesabu ya nafasi, kati ya dinosauri watatu yeye ndiye mwenye kosa dogo kuliko wote: nafasi 13, dhidi ya 15 za triseratopsi na 18 za diplodokasi. Lakini urefushe mstari wa logi wa mamalia mpaka kwake, ukikumbuka kwamba ni kuurefusha mbali sana kupita tembo, na ungemtarajia awe na ubongo wa karibu kilo 45. Anao wa gramu 154.5, pungufu mara 290 hivi, na hapo yeye ndiye mwenye kosa kubwa kuliko wote watatu. Mshushie uzito hadi tani 30 na upungufu unakuwa mara 130: diplodokasi, aliyekuwa na mara 200 hivi, anachukua uongozi wa makosa, na Pearson wa logi kwa wanyama wote 28 anapanda kutoka 0.78 hadi 0.79. Spearman hajasikia kwamba mtu yeyote amepimwa upya. Asubuhi hilo lilimlinda na kosa la tani 57; jioni lilimzuia kuona kwamba kosa limesahihishwa.